Hitaji la Mafunzo na Mizani Yake: Ushauri kwa Maafisa Utumishi, kwa Mifano ya Mikumi na Kilosa

Aghalabu barua ya kuomba mafunzo hufika mezani kwa afisa utumishi ikiwa na dawa iliyokwisha kuandikwa. Husema kwamba wafanyakazi wa idara fulani wamekosea, na kwa hiyo wapelekwe mafunzoni. Lakini haisemi kosa lilitendeka wapi na saa ngapi, wala kama mkosaji alikosea kwa kutojua, au alijua na mazingira yakamshinda, au alijua na akaweza ila hakuona faida ya kutenda alilolijua. Wanafunzi wa usimamizi wa rasilimali watu husoma uchambuzi wa mahitaji ya mafunzo katika sura moja ya kitabu na tathmini ya mafunzo katika sura nyingine ya mbali, na wengi huondoka chuoni wakidhani kwamba kazi ya kwanza hufanywa kabla ya mafunzo, ya pili baada yake, na kwamba hakuna kamba inayozifunga pamoja. Muradi wa makala hii ni kuionyesha kamba hiyo, kwa kufuata mfano mmoja hatua kwa hatua katika barabara ipitayo Mikumi, kisha kuulinganisha kwa ufupi na mfano wa pili kutoka vijiji vya Kilosa.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imekatwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, na sehemu ya barabara hiyo iliyomo ndani ya hifadhi ina urefu wa kadiri ya kilomita 50. Humo mwendo ulioruhusiwa hauzidi kilomita 70 kwa saa mchana, na kilomita 50 kwa saa usiku. Vibao vimesimamishwa, matuta yamejengwa, na dereva amgongaye mnyama hutozwa. Walakini swala, nyati, pundamilia, twiga, na mara nyingine tembo, wameendelea kugongwa, na kila ajali ya namna hiyo ni hatari kwa abiria kama ilivyo kwa mnyama. Tuchukulie basi kwamba kampuni moja ya mabasi, ya mfano tu, imegonga wanyama wawili katika miezi michache, na mwenye mali, kwa hasira na hofu iliyo ya haki, amemwandikia afisa utumishi wake kwamba madereva wote wapewe semina ya siku tatu juu ya usalama barabarani.

Afisa mwenye haraka atatafuta ukumbi na mkufunzi. Afisa mwenye tadbiri atamwomba mwenye mali majuma mawili, naye katika majuma hayo atafuata njia iliyowekwa na William McGehee na Paul Thayer katika kitabu chao cha mwaka 1961, ambayo hutaka uchambuzi ufanywe katika mahali patatu: katika taasisi yenyewe, katika kazi, na katika mtu aifanyaye. Mpango huo wa kuanza na taasisi si wa pambo. Waliotangulia kumchunguza mtu aghalabu wamemkuta na kasoro, maana hakuna mtu asiye na kasoro, wakamfunza kwa ajili ya kasoro hiyo, na chanzo cha taabu kikabaki ofisini palepale kilipokuwa.

Katika kampuni yetu ya mfano, taasisi husomwa katika waraka mmoja usiopendeza macho, yaani ratiba ya safari. Baada ya miaka mingi ya katazo, mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku na mchana, na leseni za safari hizo zikaanza kutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, tarehe 1 Oktoba 2023. Tuseme kwamba mpangaji wa ratiba, alipoongeza basi la usiku, alinakili muda wa basi la mchana, na muda huo ulikuwa umekadiriwa kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa njia nzima. Sasa na tufanye hesabu. Kilomita 50 kwa mwendo wa 80 humalizwa kwa dakika 37 na nusu. Mchana, dereva mwenye kutii sheria ndani ya hifadhi huzimaliza kwa dakika 43 hivi, akachelewa dakika 5, ambazo yamkini atazifidia mahali pengine bila ya dhara. Usiku, mwenye kutii humaliza kilomita zile zile kwa dakika 60, akatoka hifadhini na deni la dakika 22 ambalo hakulikopa yeye. Ikiwa katika kampuni hiyo dereva achelewaye huulizwa kwa simu yuko wapi, na akifika hukatwa posho, basi ratiba imemwamuru avunje sheria kila usiku, na semina ya siku tatu haina uwezo wa kulipa deni la dakika 22.

Baada ya taasisi huja kazi. Hapa afisa hujiuliza dereva hodari hufanya nini hasa katika kilomita zile 50, naye hapati jibu katika maelezo ya kazi yaliyomo kabatini, kwa kuwa hayo husema tu kwamba dereva ataendesha gari kwa uangalifu. Sharti apande basi, akae kiti cha mbele, aone mwenyewe. Kisha azungumze na madereva waliozeeka katika njia hiyo, mmoja mmoja, mbali na msimamizi wao, akiwaahidi kwamba watakayoyasema hayatakuwa ushahidi wa kuwaadhibu, na ahadi hiyo aitimize. Atajifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha ofisi: kwamba mnyama mmoja akivuka, macho yasimfuate yeye bali yarudi alikotoka, maana wenzake wako nyuma yake, kwamba magharibi na alfajiri ni nyakati za hadhari kuliko usiku wa manane, kwamba nyati mweusi juu ya lami nyeusi haonekani mpaka amekuwa karibu, na kwamba tembo aliye barabarani husubiriwa, hapigiwi honi.

Tena atajifunza sababu ya kilomita 50 za usiku, ambayo madereva wengi huitii au huivunja bila ya kuelezwa. Taa za chini humulika kadiri ya mita 40 hadi 60 mbele. Basi liendalo kwa kilomita 50 kwa saa, juu ya lami kavu na breki zikiwa nzima, husimama katika mita 40 hivi tangu dereva aone mpaka gari litulie, ukihesabu sekunde moja na nusu ya kutambua na kukanyaga. Liendalo kwa 80 huhitaji zaidi ya mita 80. Dereva wa kwanza aweza kusimama ndani ya mwanga wake mwenyewe. Wa pili, tangu anapomwona mnyama, hana tena nafasi ya kusimama, japokuwa mguu wake bado haujafika kwenye breki, na ustadi wote wa mikono yake haumfai kitu.

Mwisho huja mtu. Mabasi ya abiria hufungwa kifaa cha mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwenendo wa magari, nacho huandika mwendo wa basi kila mahali; basi afisa hana haja ya kukisia. Na asome kumbukumbu za kila dereva ndani ya hifadhi, mchana na usiku, kwa miezi mitatu iliyopita. Akiona kwamba dereva hupunguza mwendo kabla ya tuta na kabla ya mahali askari wenye tochi wanapozoea kusimama, kisha huongeza mara tu anapopita, amepata ithibati kubwa, maana mtu wa namna hiyo anajua kiwango, anajua kupunguza, na hupunguza anapotaka. Robert Mager na Peter Pipe, katika kitabu chao cha mwaka 1970 juu ya kuchunguza kasoro za utendaji, waliliweka swali hili kwa ukali unaostahili kukumbukwa: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii kama uhai wake ungetegemea kuifanya? Ikiwa jibu ni ndiyo, upungufu wake si wa ilmu, na mafunzo yatamchosha bila ya kumbadilisha.

Nashauri kwa mkazo kwamba uchambuzi usianze kwa hojaji iwaulizayo wafanyakazi wanataka mafunzo gani. Swali hilo lina heshima ndani yake, na mahali pake lipo, ila likitangulia huleta orodha ya matamanio: cheti kitakachomfaa mtu akihama, mji ambao hajapata kuuona, posho ya siku tano. Hakuna wa kumlaumu mfanyakazi kwa hayo, hasa pale mshahara ulipo mdogo. Wa kulaumiwa ni afisa aliyeyachukua matamanio akayaita mahitaji, akayapeleka kwenye bajeti. Hitaji hupimwa kwa umbali uliopo baina ya kazi kama ilivyo na kazi kama itakiwavyo, na umbali huo huonekana kazini kwanza, ndipo mwenye kazi akaulizwa sababu yake.

Baada ya majuma mawili, afisa wa kampuni yetu ana jawabu lisilofanana na barua aliyoletewa. Ratiba ya usiku ibadilishwe, iongezwe dakika 22 za hifadhi. Hilo ni amri ya utawala na halina gharama ya ukumbi. Mpangaji wa ratiba na msimamizi wa stendi ndio wa kwanza kuhitaji mafunzo, nayo ni ya asubuhi moja tu, ili wajue kukadiria muda kwa viwango vya mwendo vya kila sehemu ya njia. Madereva wa zamani hawahitaji semina ya alama za barabarani ambazo wamezipita maisha yao yote. Madereva wapya wa usiku, ambao zamani waliendesha mchana tu, wanahitaji mazoezi ya jioni moja au mbili pamoja na dereva mzoefu, juu ya kutazama kando ya barabara, kutumia taa, na kuoanisha mwendo na mwanga. Hitaji la watu wote limekuwa hitaji la wachache, na hapo ndipo uchambuzi unapojilipia gharama yake.

Tathmini nayo sharti ipangwe sasa, kabla mkufunzi hajaitwa. Donald Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika makala alizoanza kuzichapisha mwaka 1959, aliigawa tathmini katika ngazi nne, nazo ni mwitikio wa waliofunzwa, yale waliyojifunza, mwenendo wao waliporudi kazini, na matokeo kwa taasisi. Hupandwa kwa mpango huo, lakini mwenye kupanga mafunzo hana budi kuzishuka kinyume chake: aanze kwa kuuliza taasisi inataka matokeo gani, ni mwenendo gani utakaoyaleta, ni maarifa gani yanayokosekana ili mwenendo huo uwepo, ndipo afikirie darasa litakuwaje. Aliyefanya uchambuzi kama tulivyoueleza amekwisha kuzishuka ngazi hizo bila ya kuzitaja, na zile kumbukumbu za miezi mitatu alizozisoma ndizo kipimo chake cha kabla; asipoziweka akiba, baadaye hatakuwa na cha kulinganisha.

Ngazi ya kwanza isichukue wakati wetu mwingi. Fomu ya kuuliza kama mkufunzi alikuwa mzuri na chakula kilitosha hujazwa kwa adabu, na adabu haipimi kitu. Yatosha kumwuliza kila dereva mambo mawili: ni jambo gani atakalolitenda kwa namna nyingine juma lijalo, na ni kitu gani kazini kitakachomzuia asilitende. Jibu la swali la pili ni hazina, maana hutabiri kushindwa kwa ngazi ya tatu kabla hakujatokea. Ngazi ya pili hupimwa kabla na baada, wala si kwa karatasi peke yake. Dereva aendeshe jioni na mwalimu kando yake, aseme kwa sauti anachokiona na anachokitazamia, naye mwalimu aandike ni mara ngapi alitazama kando ya barabara, na kama alipunguza mwendo kabla ya kuambiwa.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyo tajiri, nayo ndiyo maafisa wengi wasiyoifikia. Mtu huweza kupasi mtihani wa jioni ile na asibadilike kazini. Tena huweza kubadilika juma la kwanza, khofu ya semina ikiwa mbichi, kisha akarudi alikokuwa. Kwa hiyo nashauri kumbukumbu za mwendo zisomwe mara mbili, juma la pili na tena mwezi wa tatu, na kwamba madereva wafunzwe kwa makundi mawili, kundi la pili lingoje miezi mitatu. Kungoja huko hakumdhuru mtu, ikiwa ratiba imekwisha kurekebishwa kwa wote, nako humpa afisa kitu kisichopatikana kwa njia nyingine, yaani watu wa kulinganisha nao.

Tuweke hesabu za mfano ili jambo hili lionekane. Kabla ya mabadiliko yoyote, katika kila safari 100 za usiku, safari 64 zilipita kiwango cha kilomita 50 ndani ya hifadhi, na makundi yote mawili yalikuwa sawa. Miezi mitatu baadaye, katika kundi lililofunzwa, safari zilizopita kiwango ni 21 katika 100. Afisa asiye na kundi la pili angeandika ripoti ya furaha kwamba mafunzo yamepunguza makosa kwa safari 43. Lakini kundi ambalo halijafunzwa, lililopewa ratiba mpya tu, limeshuka mpaka 27. Basi katika zile 43, safari 37 ni kazi ya ratiba, na 6 tu ndizo zinazoweza kunasibishwa na mafunzo. Na hata hizo 6, kwa makundi madogo, zaweza kuwa sadfa. Ripoti ya insafu itasema hivyo hivyo. Haiyadharau mafunzo, kwa sababu lengo lake halikuwa kupunguza mwendo peke yake. Macho ya dereva kando ya barabara yalikwisha kupimwa katika ngazi ya pili, na kifaa cha mwendo hakiwezi kuyaona. Lakini mwenye mali atajua fedha yake imefanya kazi wapi.

Katika ngazi ya nne pana mtego unaowanasa hata wenye elimu. Matokeo yanayotakiwa ni wanyama wasigongwe na abiria wafike salama. Lakini kwa kampuni moja, ajali ya kugonga mnyama ni jambo la nadra. Iligonga wawili mwaka huu. Mwakani huenda isigonge hata mmoja, bila ya mafunzo wala ratiba, kwa bahati tu, au ikagonga watatu baada ya kufanya kila lililo jema. Hesabu ndogo namna hiyo haithibitishi kitu. Na pachukuliwe vipimo vya karibu vinavyotokea mara nyingi, kama breki za ghafla ndani ya hifadhi na dakika zilizopitishwa juu ya kiwango, na idadi ya wanyama iandikwe mwaka hadi mwaka bila ya kutolewa hukumu mapema. Kadhalika Aprili ilinganishwe na Aprili, Septemba na Septemba, maana masika na kiangazi hubadilisha mahali wanyama wanapotafuta maji na malisho. Na kila tuta jipya lililojengwa, au tochi iliyoongezwa, liandikwe pamoja na tarehe yake, lisije likachukuliwa kuwa fadhila ya mkufunzi.

Ngazi hizi zikisomwa pamoja huonyesha palipovunjika. Ikiwa dereva hakujifunza, tazama mwalimu na njia yake. Ikiwa alijifunza lakini mwenendo haukubadilika, tazama kazini, kwa msimamizi na kwa ratiba. Ikiwa mwenendo ulibadilika na matokeo hayakuja, basi uchambuzi wa mwanzo ulikosea, na sharti urudiwe.

Mfano wa Kilosa nautaja ili msomaji asije akadhani kwamba nawashauri maafisa kuyakataa mafunzo. Tangu mwaka 2012, katika vijiji vya wilaya hiyo kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa MJUMITA walianzisha uvunaji wa mkaa kwa utaratibu mpya: sehemu ya msitu wa kijiji hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kuruka kimoja baada ya kimoja, ili kila kitalu kipumzike miaka 24, na visiki huachwa virefu vichipue. Wachoma mkaa walikuwa mafundi wa miaka mingi, lakini kupima kitalu, kuchagua miti ya kuacha, na kujenga tanuri lililoboreshwa lenye bomba la moshi, hayakuwa mambo ya ufundi wao. Swali la Mager na Pipe likiulizwa hapa, jibu ni hapana: mtu asiyepata kukifanya kitu hawezi kukifanya hata kwa kuokoa uhai wake. Hapo mafunzo ni dawa yenyewe, tena ya vitendo, msituni.

Hata hivyo ngazi ya tatu inadai haki yake huko pia. Mchoma mkaa aliyejenga tanuri jipya vizuri mbele ya mwalimu aweza kurudi kwenye tanuri lake la zamani ikiwa lile jipya linataka siku zaidi za kupanga magogo, bomba la kubeba mgongoni, na mnunuzi analipa gunia kwa bei ile ile. Mwenye kutathmini asiulize majina ya waliohudhuria. Aende msituni miezi mitatu baadaye ahesabu matanuri yaliyo na bomba na yasiyo nalo, kisha awaulize wenye yasiyo nalo, kwa upole, ni kazi gani iliyowashinda. Na matokeo ya ngazi ya nne, ambayo ni msitu kurudi, hayawezi kungojwa miaka 24. Baada ya msimu mmoja wa mvua, Kamati ya Maliasili ya Kijiji yaweza kuingia katika kitalu kilichovunwa na kuhesabu visiki vyote, na miongoni mwavyo vile vilivyochipua. Kitalu chenye visiki vingi vilivyokufa kikaguliwe urefu wa mkato, alama za moto na nyayo za mifugo, ili ijulikane kama ni mkataji wa kufunzwa tena, au ni ulinzi wa kitalu ndio uliolegea.